Kudai siku za intaneti zilizopotea kwa kutumia daftari la kukatika

Intaneti ya faiba ya nyumbani hapa Kenya mara nyingi hulipiwa kabla ya kutumiwa. Unatuma pesa kwa M-Pesa, kifurushi cha siku 30 kinaanza kuhesabu, na siku zikiisha huduma inajikata yenyewe. Hesabu hiyo haisimami eti kwa sababu trekta limekata waya barabarani. Ukikaa siku tatu bila intaneti, siku hizo tatu zinaliwa kama kwamba ulizitumia.

Siku hizo zinaweza kurudishwa, ila ni nadra zirudi bila kudaiwa. Anayepiga simu na kusema "mmenikatia wiki nzima" atapewa pole na kuahidiwa fundi. Anayetuma tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi na nambari za tiketi anampa mfanyakazi wa huduma kwa wateja kitu cha kuonyesha kwa mkubwa wake. Mwongozo huu unahusu namna ya kuandaa kitu hicho, kuanzia dakika intaneti inapokatika hadi siku zinapoongezwa kwenye akaunti yako.

Kabla ya lolote, soma masharti mara moja

Tafuta masharti ya huduma kwenye tovuti ya mtoa huduma wako, au fomu uliyotia sahihi siku ya kuunganishwa. Huna haja ya kuyasoma yote. Tafuta mambo matatu tu.

La kwanza ni saa ya kukatika inaanza kuhesabiwa lini. Mikataba mingi huhesabu kuanzia mteja aliporipoti, hata kama huduma ilikufa saa kumi kabla. La pili ni kiwango cha chini: huenda imeandikwa kwamba kukatika kwa chini ya saa 24 hakuhesabiwi, au kwamba wanaahidi huduma kwa asilimia 99 ya mwezi. Asilimia 99 ya siku 30 huacha nafasi ya saa 7 na dakika 12 za kukatika ambazo huwezi kudai. La tatu ni muda wa kudai, yaani una siku ngapi baada ya tukio kabla dai halijapitwa na wakati.

Angalia pia yaliyotengwa. Kwa kawaida ni matengenezo yaliyotangazwa mapema, uharibifu uliofanywa na mteja mwenyewe, na majanga yaliyo nje ya uwezo wao. Hilo la mwisho hutajwa ovyo. Mafuriko yaliyong'oa nguzo ni janga. Waya uliolegea kwenye nguzo na ukakaa hivyo siku nne bila fundi kufika ni jambo jingine, na hapo ndipo saa ulizoandika zinapokusaidia: hata kama kukatika kwenyewe kulikuwa nje ya uwezo wao, kuchelewa kutengeneza kulikuwa mikononi mwao.

Dakika kumi za kwanza

Intaneti ikikatika, usikimbilie kuzima na kuwasha ruta. Tazama taa kwanza, kwa sababu ukiizima unapoteza ushahidi wa hali ilivyokuwa.

Kwenye kisanduku cha faiba kuna taa mbili zinazosema karibu kila kitu. Moja imeandikwa PON, nyingine LOS. Mambo yakiwa sawa, PON huwaka kijani bila kupepesa na LOS huwa imezimika. LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, maana yake mwanga haufiki kabisa kwenye kisanduku: waya umekatika mahali fulani, umechomoka, au umepindwa mno. LOS ikiwa imezimika lakini PON inapepesa tu bila kutulia, mwanga unafika ila kisanduku kimeshindwa kujisajili kwenye mtambo wa mtoa huduma. Na zote zikiwa sawa huku hakuna intaneti, shida iko mbele zaidi kwenye mtandao wao, au kifurushi chako kimeisha. Hakikisha hilo la kifurushi mapema, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Piga picha ya taa. Kisha fuata ule waya mwembamba kutoka kwenye kisanduku hadi unapotokea ukutani. Unaishia kwenye kichwa kidogo, mara nyingi cha kijani. Tazama kama kimechomoka, kama kochi limesukumwa juu ya waya, kama panya ameutafuna. Faiba ni kioo chembamba, na kona kali inatosha kuzuia mwanga hata kama ganda la nje linaonekana zima. Ukikuta waya umepindwa, unyooshe taratibu na usubiri dakika mbili. LOS ikizimika, hiyo ilikuwa shida ya nyumbani na haiingii kwenye dai. Ukikuta uko sawa, piga picha nyingine inayoonyesha waya wote ndani ya nyumba. Picha hiyo ndiyo jibu lako siku watakaposema uharibifu ulikuwa wako.

Sasa zima kisanduku kwenye soketi, subiri dakika moja, washa. Fanya hivyo mara moja tu, na uandike saa uliyofanya. Usibonyeze kile kitundu kilichoandikwa RESET. Kinafuta mipangilio waliyoiweka wao, na kuanzia hapo mtoa huduma ana haki ya kusema huduma haikurudi kwa sababu yako.

Tiketi ni mhuri wa saa

Ripoti papo hapo, hata kama ni usiku wa manane na unajua hakuna fundi atakayekuja. Kwa kuwa wengi huhesabu kuanzia ulipowaambia, kila saa unayochelewa kuripoti inakatwa kwenye dai lako. Tumia njia inayoacha maandishi: programu yao ya simu, ujumbe wa WhatsApp, barua pepe. Ukipiga simu, usikate kabla ya kupewa nambari.

Mazungumzo huwa hivi:

"Sawa, nimeshaweka ripoti yako, fundi atakupigia."
"Asante dada. Naomba nambari ya tiketi niandike."
"Itatumwa kwa ujumbe."
"Huwa inachelewa kufika. Nisomee tafadhali, na uniambie umeandika saa ngapi."

Anayesikia ombi hilo anajua kwamba anaongea na mtu anayeweka kumbukumbu. Baada ya simu, tuma ujumbe mfupi wa maandishi kwa WhatsApp au barua pepe ukirudia nambari hiyo, ili ibaki mahali ambapo hutaipoteza.

Kuna mtego hapa. Huduma ikikaa siku mbili bila kurudi, tiketi inaweza kufungwa bila shida kutatuliwa. Mfumo unatuma ujumbe "tatizo lako limeshughulikiwa" ilhali LOS bado ni nyekundu. Usiunyamazie. Jibu siku hiyo hiyo kwa picha ya taa, na uombe tiketi ile ile ifunguliwe tena. Ukikubali tiketi mpya, kumbukumbu zao zitaonyesha kukatika kuwili kwa saa chache badala ya kumoja kwa siku tatu, na huenda kila kumoja kukaanguka chini ya kiwango cha saa 24.

Daftari lenyewe

Daftari la karatasi linatosha. Jedwali kwenye simu ni bora kidogo kwa sababu utalituma jinsi lilivyo. Kila kukatika ni mstari mmoja wenye vitu hivi: tarehe na saa ya kukatika, tarehe na saa ya kurudi, hali ya taa, kama stima ilikuwepo nyumbani, nambari ya tiketi na saa ilipofunguliwa, na maelezo mafupi ya nani alisema nini.

Saa ziandike kwa mtindo wa saa 24. Jambo hili limewaharibia watu madai mazuri. Wewe ukiandika "saa mbili", ulimaanisha 08:00 au 20:00. Anayesoma ofisini, aliyezoea kuandika ripoti kwa Kiingereza, anaweza kuisoma kama 02:00 au 14:00. Kosa la saa sita kwenye mstari mmoja likigundulika, mistari mingine yote inatiliwa shaka. Andika 20:00, basi. Tumia saa ya simu, kwa kuwa hujirekebisha kutoka kwenye mtandao, na wala si saa ya ukutani.

Safu ya stima ni muhimu kuliko inavyoonekana. Stima ikipotea nyumbani kwako na ruta ikazima, mtoa huduma hana deni. Lakini kama ruta yako ina betri ya akiba na bado haina intaneti, mambo ni tofauti. Faiba ya kawaida haihitaji umeme kwenye nguzo za njiani. Inahitaji kwako na kwenye mtambo wao. Kwa hiyo kisanduku chako kikiwa na umeme na huduma imekufa, kilichozimika ni chao. Tahadhari moja ni kwa wanaokaa kwenye majengo ya ghorofa ambako intaneti inafika juu ya paa au chini kwenye kabati, kisha inagawanywa kwa nyaya hadi kwenye nyumba. Hapo kuna kifaa kinachotegemea stima ya jengo. Muulize mlinzi au mwangalizi wa jengo kifaa hicho kimeunganishwa kwenye mita gani, na kama ni cha mtoa huduma au cha mwenye nyumba. Kama ni cha mwenye nyumba, dai lako la sehemu hiyo ni kwake.

Ukiweka mstari unaokubali kwamba saa fulani hazihesabiki kwa sababu stima ilipotea, daftari linapata nguvu zaidi. Msomaji anaona kwamba hukuandika ili ushinde tu.

Kompyuta iandike usiku ukiwa umelala

Kukatika kwingi kwa muda mfupi hakuonekani na mtu. Kama una kompyuta ya Linux inayokaa imewashwa, iache iandike kila dakika. Iunganishe kwenye ruta kwa waya, usitumie waifai, ili shida ya waifai isihesabiwe kama shida ya mtoa huduma.

```
while true; do
  T=$(date '+%F %H:%M')
  R=X; A=X; B=X
  ping -c 1 -W 2 192.168.1.1 >/dev/null && R=ok
  ping -c 1 -W 2 1.1.1.1 >/dev/null && A=ok
  ping -c 1 -W 2 8.8.8.8 >/dev/null && B=ok
  echo "$T,$R,$A,$B" >> intaneti.csv
  sleep 60
done
```

Anwani ya kwanza ni ya ruta yako. Kwako inaweza kuwa 192.168.100.1 au nyingine. Iangalie kwenye kibandiko kilicho chini ya kisanduku. Kwenye kompyuta za Mac, andika `-W 2000` badala ya `-W 2`, kwa sababu huko kipimo ni milisekunde.

Maana ya safu tatu ni hii. Ruta ikijibu na zile mbili za nje zikinyamaza, njia ya mtoa huduma imekatika. Ruta yenyewe ikinyamaza, shida iko ndani ya nyumba: stima, waya, au ruta imezima. Moja ya nje ikijibu na nyingine isijibu, hiyo si kukatika, ni shida ya anwani hiyo moja, na usiihesabu. Kompyuta ikilala, mistari itakosekana kabisa. Pengo la mistari si ushahidi wa kitu chochote, kwa hiyo zima mpangilio wa kulala.

Mwisho wa kukatika, tazama zile safu mbili za nje, uchukue mstari wa mwisho wenye `ok` kabla ya X na wa kwanza wenye `ok` baada yake. Usitume faili zima lenye maelfu ya mistari. Tuma mistari mitano ya kila upande, na useme kwamba lililobaki lipo wakilihitaji.

Kuna aina moja ya tatizo ambayo faili hili halitaiona vizuri, nayo ni kukatika kwa nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Siku kama hizo 1.1.1.1 inaweza kuendelea kujibu, kwa kuwa ina seva Nairobi, huku tovuti nyingi za ng'ambo zikivuta. Huduma iliyopungua kasi ni dai gumu zaidi kuliko huduma iliyokatika, na ni vyema usiyachanganye mawili hayo kwenye barua moja. Siku zilizokatika kabisa zinabebwa na ushahidi ulio wazi. Ukizitia ndani siku za kasi ndogo, mjadala wote utahamia kwenye maneno "hadi Mbps kadhaa" yaliyo kwenye kifurushi chako, na zile siku za wazi zitasahauliwa.

Hesabu ya mwezi mmoja

Chukua nyumba moja Nairobi inayolipa shilingi 3,000 kwa siku 30. Kifurushi kililipiwa tarehe 2 Juni 2025 saa 09:12, kwa hiyo kinaisha tarehe 2 Julai. Siku moja ni shilingi 100. Daftari lake linasema hivi:

```
Na  Kukatika      Kurudi        Taa      Stima  Tiketi ilifunguliwa
1   10/06 14:20   13/06 11:05   LOS      ipo    10/06 14:41
2   18/06 18:10   18/06 23:50   zote X   haipo  -
3   21/06 19:30   23/06 08:15   PON      ipo    22/06 07:05
```

Mstari wa kwanza ni saa 68 na dakika 45. Wa pili ni wa stima, unaachwa. Wa tatu ni saa 36 na dakika 45. Jumla ni saa 105 na nusu. Siku 30 ni saa 720, na 3,000 ukigawanya kwa 720 unapata kama shilingi 4.17 kwa saa. Saa 105.5 zinakuwa shilingi 439.58, au siku 4 na saa 9 na nusu.

Sasa fanya hesabu ya pili, ile ambayo mtoa huduma ataifanya: kuanzia saa ya tiketi. Mstari wa kwanza unapungua dakika 21 tu na kubaki saa 68 na dakika 24. Wa tatu unapungua sana. Huduma ilikatika Jumamosi jioni, na watu wa nyumba wakaona waripoti asubuhi. Saa 11 na dakika 35 zikaenda hivi hivi, zikabaki saa 25 na dakika 10. Jumla mpya ni saa 93 na dakika 34, karibu shilingi 390. Kule kulala bila kuripoti kumegharimu kama shilingi 48.

Weka hesabu zote mbili kwenye barua. Ile ya kwanza ndiyo hasara halisi. Ya pili ndiyo ambayo hata wakishikilia masharti yao hawawezi kuikataa bila kukataa tiketi zao wenyewe. Mifumo mingi ya vifurushi huongeza siku nzima, haiongezi saa, kwa hiyo omba siku 5, ukijua kwamba 4 ni jibu la haki.

Barua

Iwe fupi. Mtu anayeisoma ana nyingine nyingi, na anatafuta nambari ya akaunti, kiasi unachodai, na sababu. Ianze na hayo. Mfano:

"Habari za asubuhi. Jina la akaunti: (jina lako). Nambari ya akaunti: (nambari). Naomba kuongezewa siku 5 kwenye kifurushi changu cha shilingi 3,000 kilicholipiwa tarehe 2 Juni 2025, nambari ya M-Pesa (nambari ya muamala).

Huduma ilikatika mara mbili kwa sababu isiyotoka kwangu: kuanzia tarehe 10 Juni 14:20 hadi tarehe 13 Juni 11:05 (tiketi ya kwanza), na kuanzia tarehe 21 Juni 19:30 hadi tarehe 23 Juni 08:15 (tiketi ya pili). Jumla ni saa 105 na dakika 30. Hata ikihesabiwa kuanzia tiketi zilipofunguliwa, ni saa 93 na dakika 34. Sikuhesabu tarehe 18 Juni kwa sababu stima ilikuwa imepotea nyumbani.

Nimeambatisha daftari, picha za taa na ujumbe wa malipo. Naomba jibu la maandishi kufikia tarehe 1 Julai, kabla kifurushi hakijaisha. Asante."

Usiandike hasara ya kazi uliyoikosa, wala pesa za bando ulizonunua kwenye simu ili ufanye kazi siku hizo. Zina ukweli wake, lakini mikataba ya nyumbani karibu yote hukataa hasara za aina hiyo, na ukiziweka pamoja unampa msomaji sababu ya kukataa barua yote. Ukitaka kuzidai, ni kesi nyingine kabisa.

Itume kwa barua pepe ya huduma kwa wateja, si kwenye ukurasa wao wa mtandao wa kijamii. Kule hadharani unaweza kuandika kwamba umetuma barua pepe na unasubiri jibu, bila kuweka nambari ya akaunti. Matapeli huzitazama kurasa hizo, wakaona aliyelalamika, wakampigia wakijifanya wafanyakazi wa kampuni na kumwomba "alipe ili arudishiwe". Hakuna marejesho yanayohitaji ulipe kwanza, wala pini yako ya M-Pesa.

Wakati wa kutuma ni muhimu. Tuma huduma ikisharudi lakini kifurushi hakijaisha. Kikiisha katikati ya kukatika, akaunti inaonekana imekatwa kwa kutolipa, na utabaki ukieleza kilichotangulia. Na ukilipa upya wakati waya bado umekatika, unaanza kuzitupa siku za kifurushi kipya. Ukikutwa na hali hiyo, andika kabla ya kulipa: "Kifurushi kinaisha kesho na tiketi nambari fulani bado iko wazi. Nitalipa huduma itakaporudi. Naomba siku za kukatika zihesabiwe hadi hapo." Sentensi hiyo inafunga mlango wa hoja ya kutolipa.

Mwenye laini ya biashara inayolipiwa kwa ankara mwisho wa mwezi anaandika barua ile ile, ila anaomba punguzo kwenye ankara ijayo. Asilipe pungufu kwa uamuzi wake mwenyewe; alipe yote na aandike kwamba kiasi fulani kina mgogoro. Anayelipa pungufu hukatiwa, na dai lake linageuka kuwa deni.

Majibu utakayopata

"Mfumo wetu unaonyesha ulikuwa hewani." Waombe wakutumie kumbukumbu za kisanduku chako, siku na saa. Mtambo wao hurekodi kisanduku kinapopotea na kinaporudi, na mara nyingi huonyesha kama kimepotea kwa sababu ya mwanga au kwa sababu ya umeme. Kama daftari lako ni la kweli, kumbukumbu hizo zitakuunga mkono.

"Eneo zima liliathirika." Hiyo ni kukiri kwamba shida haikutoka kwako. Mjibu hivyo kwa upole, na uombe siku zile zile.

"Tutakupa siku moja kama ishara ya nia njema." Ipokee kwa maandishi kama malipo ya sehemu: "Asante kwa siku 1. Zinabaki 4." Ukijibu "asante" peke yake, tiketi inafungwa.

Kimya nacho ni jibu. Baada ya siku saba za kazi, tuma barua ile ile juu ya ile ya kwanza, na useme kwamba hatua inayofuata ni Mamlaka ya Mawasiliano Kenya.

Wakikataa

Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya wateja, ila itakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma. Ndiyo maana barua na tiketi zako zinapaswa kuwa kwa maandishi. Watumie barua ulizoandika, majibu, daftari na ushahidi wa malipo, kwa mpangilio wa tarehe. Unaweza kutaja Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia ya hasara inayotokana na kasoro za huduma. Kitaje kwa sentensi moja tu, maana kinachowashughulisha wao ni saa na tiketi. Tanzania mlango wa aina hiyo ni TCRA, na huko pia mtoa huduma ndiye anayeanza kulalamikiwa.

Mara nyingi barua iliyonakiliwa kwa mamlaka hujibiwa na mtoa huduma kabla mamlaka yenyewe haijasema neno.

Siku zikikubaliwa

Usilipe kifurushi kipya kabla ya kuona tarehe imebadilika. Fungua programu ya simu au ukurasa wa akaunti, piga picha ya skrini ya tarehe ya mwisho kabla na baada. Kwenye mfano wetu, 2 Julai inapaswa kusomeka 7 Julai, au 6 Julai kama mmekubaliana siku 4. Ikiwa bado ni 2 Julai na umebakiwa na saa chache, jibu kwenye barua ile ile iliyokubali, ambatisha picha ya skrini, na upige simu ukiwasomea tarehe ya makubaliano. Mfanyakazi akikuambia siku zitaingia baada ya kulipa, mwambie akuandikie tarehe kamili ambayo kifurushi kitaishia ukishalipa. Ukilipia siku 30 tarehe 2 Julai na una siku 5 zako, tarehe hiyo ni 6 Agosti.